Maneno ya muuguzi kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya utafiti wa vinasaba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, wazee wangu, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma: mbukwenyi!

Asanteni. Nashukuru mmekuja chini ya mbuyu huu wakati uwele bado uko uwanjani haujapurwa. Sitawachelewesha.

Leo hakuna atakayechomwa sindano. Sikuja na sindano wala kichupa. Nimekuja na maneno tu, na mkishayasikia mna siku sita za kwenda kuyajadili nyumbani.

Jana jioni pale kisimani nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenziwe kwamba mumiani wamefika. Simlaumu hata kidogo. Mimi nimezaliwa kijiji cha pili kutoka hapa. Nilipokuwa darasa la tano walikuja watu na gari, tukapangwa mstari, tukatolewa damu kwenye mkono, tukapewa biskuti, wakaondoka. Mwalimu aliambiwa, sisi hatukuambiwa. Mama yangu alijua usiku, aliponiona na pamba mkononi. Hadi anafariki alikuwa akiniuliza, "Hivi ile damu yako waliipeleka wapi?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ndiyo sababu nilipoombwa kuja kuzungumza nanyi nilitoa sharti moja: nizungumze kwanza, na watu walale siku kadhaa na maneno hayo kabla sindano haijafika.

Utafiti wenyewe ni huu. Watafiti wanataka kujua kwa nini shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, linawapata watu wa ukoo mmoja zaidi kuliko wa ukoo mwingine, wakati wote wanakula ugali uleule na mlenda uleule, na chumvi ni ileile. Wanadhani sehemu ya jibu imo kwenye vinasaba.

Kinasaba ni nini? Ninyi ni wafugaji, mnakijua kabla yangu. Ng'ombe wako wawili ni weupe, anazaliwa ndama mwenye mabaka. Unasema, "Huyu kamfuata babu yake, yule dume wa mzee fulani." Kuna kitu kilipita kwa mama yake bila kuonekana, kikatokeza kwa mjukuu. Kitu hicho ndicho kinasaba. Kila mmoja wetu amepokea nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, na vimo kwenye damu, kwenye mate, hadi kwenye mzizi wa unywele.

Ugonjwa wa selimundu mnaujua, wapo watoto humu wanaougua. Mtoto anayepokea kinasaba cha selimundu kwa baba na kwa mama pia anaumwa, viungo vinamuuma, damu inapungua. Anayekipokea kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, tena malaria kali haimwezi kirahisi. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1954 na daktari aliyepima damu za watu wa hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa hiyo damu ya mtu mmoja inaweza kufundisha mengi. Lakini tazameni upande wa pili wa mfano huohuo. Nikikwambia kwamba wewe unacho kinasaba hicho, nimekwambia pia habari ya baba yako au mama yako, na pengine ya ndugu zako, nao hawakuniita niseme. Presha ukipimwa, ni yako. Kinasaba mnakichangia na watu ambao hawapo hapa, wengine hawajazaliwa. Hapo ndipo nataka mkae na mfikiri.

Sasa neno lenyewe: ridhaa. Wengi tunadhani ridhaa ni kutia sahihi. Siyo. Mtu anaweza kutia sahihi na asiwe ameridhia chochote, kama sisi tulivyopanga mstari tukanyoosha mikono. Ridhaa ni wewe kuelezwa, ukaelewa, ukapata muda wa kufikiri, kisha ukakubali mwenyewe bila kusukumwa. Kimoja kikikosekana, ile karatasi haina maana.

Mwenyekiti amekubali utafiti uingie kijijini, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imetoa kibali cha maadili. Vibali hivyo vinaturuhusu kuja kuwaomba. Havimruhusu mtu kukuchoma sindano. Mwenyekiti hawezi kuridhia kwa niaba yako, na hilo nimemwambia yeye mwenyewe akakubali. Mama, mumeo hawezi kuridhia kwa niaba yako, wala hawezi kukulazimisha. Nendeni mkazungumze nyumbani, ni vizuri mzungumze, lakini siku ikifika nitakaa nawe peke yako nikuulize wewe. Na baba hali ni hiyohiyo. Utafiti huu unawahusu wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mtoto wa mtu hataguswa.

Tutachukua mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai. Nasisitiza kwa sababu baadhi yenu mmewahi kuchangia damu kwa ajili ya mgonjwa. Kule anatoa mtu kama mililita 450, mfuko mzima, na inakwenda kumwongezea mgonjwa damu. Hii haimwingii mtu yeyote, na wala haiuzwi. Utasikia sindano inachoma, unaweza kupata wekundu au uvimbe kidogo siku moja au mbili. Presha yako itapimwa hapohapo, na ikiwa juu utapewa barua ya kwenda zahanati. Hiyo ndiyo faida pekee utakayoondoka nayo siku hiyo. Utafiti si matibabu. Huenda majibu yake yakawasaidia wajukuu zenu, huenda yasimsaidie yeyote, na mtu atakayewaahidi dawa msimsikilize. Utapewa shilingi 5,000 za kufidia muda wako. Si bei ya damu, na hata ukibadili mawazo ukiwa umeshaketi kwenye kiti, unaondoka nazo.

Hatutapima VVU. Nalisema wazi kwa sababu najua ndilo watu wanalinong'ona.

Na kuna la pili linalonong'onwa, hasa na akina baba. Kipimo cha vinasaba wengi mnakijua kwa habari za kutafuta baba wa mtoto, zile za Mkemia Mkuu wa Serikali. Mnajiuliza, je, nikitoa mimi na akitoa kijana wangu, yatatoka mambo ya nyumbani? Nitawajibu kwa ukweli. Watafiti hawatafuti hilo. Lakini ndugu wakiingia wengi kwenye utafiti mmoja, kompyuta inaweza kuonyesha nani ana undugu wa damu na nani. Kwa hiyo kwenye fomu imeandikwa kwamba habari hiyo haitasemwa kwa mtu yeyote, awe mume, mke, mzee wa ukoo au kiongozi. Kama jambo hilo bado linakukosesha usingizi, hiyo ni sababu tosha ya kukataa, na huna haja ya kunieleza ni sababu gani.

Kichupa chako hakitaandikwa jina, kitaandikwa namba. Daftari linalounganisha namba na jina litafungiwa, na watu wawili tu ndio watakaolishika. Taarifa za mtu sasa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sampuli za vinasaba zina sheria yake tangu mwaka 2009. Lakini sitawadanganya kwamba siri ya vinasaba ni kama siri nyingine. Vinasaba vyako havifanani na vya mtu mwingine, labda pacha wako mliyefanana. Mtu mwenye ujuzi na nia mbaya anaweza kubahatisha akajua namba fulani ni ya nani. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo.

Kwenye fomu mtaona maswali manne, na kila moja lina jibu lake. Unakubali damu itumike kwa utafiti huu wa presha? Unakubali ihifadhiwe kwenye jokofu miaka 15 kwa tafiti nyingine za afya? Unakubali sehemu yake ipelekwe nje ya nchi kusomwa? Unakubali kutafutwa tena tukigundua jambo linalohusu afya yako na lenye tiba? Unaweza kusema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa yote matatu yaliyobaki. Msikubali mtu awaambie ni fungu moja.

Nina sababu ya kuyatenganisha. Kule Marekani, kwenye bonde kubwa la Arizona, kuna kabila dogo la Wahavasupai. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakijua ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye wakagundua kwamba damu ileile imetumika kuchunguza magonjwa ya akili, na kuchunguza mababu zao walihama kutoka wapi, wakati wao wanaamini asili yao ni bondeni humo humo. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Nimeona picha zao wakiipokea, wakiimba na kulia. Damu inabeba habari za watu wote wa ukoo, na anayeombwa ana haki ya kujua itaulizwa maswali gani. Kwa hiyo hapa tumeandika: utafiti wowote mwingine utaomba kibali upya, na majibu ya huu wa presha yataletwa chini ya mbuyu huu kabla hayajatangazwa kwingine.

Ukishakubali unaweza kujitoa, mwezi ujao au mwaka ujao. Unakuja zahanati, unasema, "Nimejitoa", basi. Damu iliyobaki itateketezwa. Ila majibu yaliyokwisha kuchanganywa na ya wengine na kutolewa hayawezi kuchomolewa tena, na hilo ulijue leo kabla hujatoa damu. Anayekataa au kujitoa hapotezi kitu: matibabu ya zahanati ni yaleyale, chandarua kitatolewa kama kawaida, na fedha za TASAF hazihusiani na jambo hili hata kidogo.

Fomu ni ya Kiswahili. Bibi zetu wanaosikia zaidi Kigogo watasomewa kwa Kigogo, neno kwa neno. Asiyeandika ataweka dole gumba mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe, si mtu wetu. Na kabla ya dole nitakuomba unieleze kwa maneno yako unachokubali. Ukishindwa, kosa ni langu, nitaeleza upya. Ukishindwa tena, hatuchukui.

Tutakuwa zahanati Jumanne na Jumatano, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Karatasi hizi za maelezo mchukue, msomeane nyumbani. Asiyekuja hatafuatwa.

Sasa naketi, niulizeni. Mkono wa kwanza nimeuona kule kwa akina mama, na nadhani ni yule wa kisimani. Karibu, mama.