Muhtasari wa Moduli: Saikolojia ya Elimu kwa Walimu Tarajali

Msimbo: SE 204. Muda: wiki 10. Mihadhara: Jumanne, saa 2:00 hadi 4:00 asubuhi. Semina za vikundi: Alhamisi, saa 8:00 hadi 9:00 mchana.

Mwanafunzi akiandika 52 − 27 = 35, hajabahatisha. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 7 toa 2, 5 toa 2. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu. Moduli hii inakufundisha kuitafuta kanuni hiyo kabla hujaweka alama ya kosa, kisha kuamua ufundishe nini. Nadharia zote tutakazosoma zitapimwa kwa swali moja: zinatusaidia kumwelewa mwanafunzi aliye mbele yetu?

Nakala za kusoma zimo kwenye pakiti ya moduli, kila moja na muhtasari wa Kiswahili. Soma kabla ya mhadhara wa Jumanne.

Wiki ya 1. Kuchunguza darasa. Tofauti kati ya ulichokiona na ulichokidhania. “Amefuta jibu mara tatu” ni uchunguzi. “Ni mvivu” ni hukumu. Wiki hii hakuna cha kusoma. Shajara ya uchunguzi inaanza.

Wiki ya 2 na 3. Ukuaji wa fikra. Hatua nne za Piaget, kisha Vygotsky. Katika semina tutarudia jaribio la maji: bilauri mbili zinazolingana, moja inamiminwa kwenye chombo chembamba kirefu, na mtoto anaulizwa ipi ina maji mengi. Zingatieni zaidi sababu anayoitoa. Miaka ambayo Piaget aliambatanisha na hatua zake (2, 7, 11) ichukuliwe kama makadirio. Watafiti waliomfuata walionyesha kuwa namna swali linavyoulizwa hubadilisha jibu la mtoto. Kwa Vygotsky tunakaa kwenye pengo kati ya anachoweza mwanafunzi peke yake na anachoweza akisaidiwa, kwa maana hapo ndipo mwalimu anapofanya kazi yake.
*Kusoma:* Vygotsky, kitabu chake cha 1934 kuhusu fikra na lugha, sura ya 6. Wood, Bruner na Ross (1976), makala kuhusu kiunzi cha msaada. Katika hiyo ya pili, angalia lini mkufunzi anaacha kusaidia.

Wiki ya 4. Tabia na uimarishaji. Pavlov kwa ufupi, Skinner kwa kina, na jaribio la Bandura la 1961 la watoto na mwanasesere.
*Kusoma:* Skinner (1954), kuhusu sayansi ya kujifunza na sanaa ya kufundisha.

Wiki ya 5 na 6. Kumbukumbu. Hizi ndizo wiki zitakazobadilisha ufundishaji wako upesi zaidi. Kumbukumbu ya kazi hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja, hivyo maelekezo matano yanayotolewa kwa mkupuo hupotea, hata kwa mwanafunzi makini. Tutaona pia kwa nini kujaribu kukumbuka kunajenga kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena. Kwa sababu hiyo kila mhadhara unaanza na maswali mafupi ya wiki zilizopita.
*Kusoma:* Miller (1956), kuhusu namba saba. Roediger na Karpicke (2006), kuhusu majaribio kama njia ya kujifunza.

Wiki ya 7. Motisha. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi zawadi watoto waliopenda kuchora. Baadaye, walipoachwa huru, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao. Mjadala wa semina: je, zawadi zitumike lini?

Wiki ya 8. Tofauti za wanafunzi. Mahitaji maalumu, lugha ya nyumbani, na dhana ya “mitindo ya kujifunza”. Dhana hiyo inapendwa sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu.
*Kusoma:* Pashler na wenzake (2008).

Wiki ya 9. Upimaji na mrejesho. Mrejesho unaomwambia mwanafunzi afanye nini baadaye.
*Kusoma:* Black na Wiliam (1998).

Wiki ya 10. Marudio, na kuwasilisha maandalio ya somo.

Tathmini (alama 100)

*Shajara ya uchunguzi, 30.* Mfuatilie mwanafunzi mmoja kuanzia wiki ya 1 hadi ya 7, kwa ridhaa ya mwalimu wa darasa na mzazi. Usiandike jina lake wala jina la shule. Kusanya walau makosa matatu yake na ueleze fikra iliyo nyuma ya kila moja. Kukusanywa: Ijumaa ya wiki ya 8.

*Andalio la somo lenye uchambuzi, 25.* Somo moja la dakika 40, na maelezo ya maneno 800 yanayotetea kila uamuzi. Kutaja nadharia bila kuonyesha imebadilisha nini katika somo hakuna alama.

*Maswali ya mwanzo wa mhadhara, 5.* Alama ni za kushiriki, si za usahihi.

*Mtihani wa mwisho, 40.* Muda wa saa 2. Utapewa kazi halisi za wanafunzi uzichambue.

Kufaulu ni alama 50, na ni lazima shajara iwe imekusanywa. Kazi iliyochelewa hupunguziwa alama 3 kwa siku. Baada ya siku 5 haipokelewi. Mwenye ugonjwa au msiba amwone mkufunzi kabla ya siku ya kukusanya, au mara awezapo.