Mzee Donge Hana Haraka

Mzee Donge alianza kwa kuwa waya. Zubeda aliusokota waya wa alumini ukawa mgongo, mikono na miguu, kisha akauvika plastisini, ile yenye mafuta isiyokauka. Kichwa alikifanya kikubwa kupita kiasi kwa kuwa alikipenda hivyo. Kila alipogeuka kuiangalia kamera, shingo ilikuwa imelegea kidogo, na mzee anaonekana anasinzia.

Filamu yenyewe, ya mwanasesere anayesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, haikuwa na makuu. Mzee ameketi kwenye kigoda, kofia yake imeanguka, anainama kuiokota. Sekunde 10 tu. Zubeda akapiga hesabu: picha 24 kwa sekunde, kila mkao upigwe mara mbili, basi mikao 12 kwa sekunde, yote pamoja 120.

"Usiku huu huu naimaliza," akasema, akafunga pazia.

Alianza vizuri. Anausogeza mkono kiasi cha kucha, anarudi nyuma, anabonyeza kitufe cha mbali asije akaitikisa kamera, anausogeza tena. Mgongo ulipoanza kumuuma, hatua zikapanuka. Mkono uliokuwa ukienda milimita 2 ukaenda 5, kisha 10. Nani atajua?

Akaicheza. Sekunde tatu za mwanzo, kweli alikuwa mzee. Halafu mkono ukaruka, ukatua juu ya kofia, na kichwa kikaja nyuma yake kimechelewa. Kifua chote kilikuwa kinatambaa alama za vidole gumba. Mwanga nao ulipanda na kushuka, kwa sababu kamera iliachwa ijiamulie yenyewe.

Idi, mtoto wa kaka yake, alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Shangazi, babu amemkasirikia nani?"

"Hajakasirika. Anaokota kofia."

"Amekasirika. Hapa." Akagusa kioo. "Huku nyuma alikuwa hana neno."

Zubeda akairudisha. Pale pale alipogusa mtoto ndipo yeye alipoitazama saa na kusonya. Akaangalia tena sehemu nyingine iliyoruka, akakumbuka: simu ilikuwa inaita. Mzee Donge alikuwa ameyaweka yote mwilini mwake, na mtu yeyote angeweza kuyaona.

Akafuta picha zote. Safari hii kipimo cha mwanga cha kamera akakiweka kwa mkono kisibadilike, cha rangi vilevile, akavaa shati jeusi lisiakisi taa, akaweka kitambaa kibichi cha kufutia vidole. Miguu ya mzee akaikaza kwa skrubu kutoka chini ya ubao. Shingo ikalegea tena. Akaisukuma juu kwa nguvu.

"Simama basi!"

Kichwa kikabaki mkononi mwake.

Hapo hakukuwa na njia ya mkato. Alikipasua, akakomba plastisini ya ndani, akajaza karatasi ya alumini iliyofinyangwa, akakifunika upya. Kikawa chepesi. Jioni nzima ikapita bila picha hata moja. Kwa kuwa hakuwa na cha kupiga, alivuta kiti katikati ya chumba, akadondosha kanga sakafuni, akaiokota. Akadondosha tena. Mkono haukuwa wa kwanza kuondoka, kumbe. Macho yalitangulia. Kisha kifua kikaja mbele, kiganja kikashika goti, na baada ya hapo ndipo mkono mwingine ukashuka. Na mtu wa umri wa Mzee Donge, kofia ikianguka, kwanza anaitazama. Anapima kama inastahili kusumbukiwa.

Basi akampa nafasi ya kupima. Macho yalikuwa shanga mbili nyeupe zenye tundu. Aliyageuza kwa ncha ya sindano, na kwa picha nyingi mfululizo hakugusa kitu kingine chochote. Mwendo ulipoanza, ulianza kwa milimita 1, ukakua, na karibu na goti ukapungua tena. Siku alizorudi nyumbani amechoka hakumgusa kabisa. Alipojiona anataka kuruka mkao, alimsemea kwa sauti nzito ya kikohozi: "Taratibu, mwanangu, mifupa hii ni ya waya." Akacheka peke yake, akarudisha mkono nyuma.

Idi alipokuja tena, filamu ilikuwa imefika sekunde ya sita. Mzee alitazama chini, akavuta pumzi, akashika goti. Ikaishia hapo.

"Hajaiokota?"

"Bado."

"Ataiokota lini?"

"Muulize mwenyewe."

Idi akasogea mezani, mikono nyuma kama alivyoagizwa, akainama mpaka pua ikakaribia kigoda.

"Babu, lini?"

"Toka kwenye taa kwanza," Zubeda akakohoa, na kidole chake kikiwa tayari juu ya kitufe.