Wimbo wa Shangazi kwa Kutimiza Miaka 60

Unaimbwa kwa sauti ya «Ukuti Ukuti», uani kwake, Ngamiani, Tanga, Jumamosi tarehe 13 Septemba, baada ya swala ya alasiri.

Kwa waimbaji wote

Hatukuchagua sauti ya wimbo wa siku ya kuzaliwa uliozoeleka, kwa sababu katika mstari wake wa tatu sauti huruka oktava nzima, na kila mwaka tumeshuhudia wazee wetu wakinyamaza hapo huku watoto wakibaki kupiga kelele peke yao. Sauti ya «Ukuti Ukuti» haimwachi mtu nyuma. Kila mmoja wetu aliicheza akiwa ameshikana mikono na wenzake katika duara, na sisi wa nyumba hii tulifundishwa na Shangazi mwenyewe chini ya mnazi ambao hadi leo umesimama karibu na kisima.

Mwimbishaji ataimba mstari wa kwanza na wa tatu wa kila ubeti, nanyi mtaitikia wa pili na wa nne. Mstari wa nne ndio utamu wa wimbo, kwa kuwa, kama ilivyo katika mchezo wenyewe, neno la mwisho hukatwa mara mbili kabla ya kutamkwa zima. Kwa hiyo msiliharakishe, bali likateni kwa makofi mawili na kulikamilisha kwa nguvu. Kila ubeti unaimbwa mara mbili. Asiyejua kusoma asiwe na wasiwasi, kwani mara ya pili atakuwa ameshaukariri.

Simameni katika duara, Shangazi akiwa amekaa katikati kwenye kiti chake cha ukindu. Wimbo unaanza pale sote tutakapomwamkia kwa pamoja, «Shikamoo Shangazi!», naye akaitika marahaba.

Mwimbishaji anasema:

Shangazi yetu, ulizaliwa mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, na leo umetimiza miaka 60. Mtaa mzima unakuita Shangazi, hata wale ambao hawana udugu wowote nawe, na mpeleka maji wa hapa amekuwa akikuita hivyo kwa miaka mingi ingawa kwa umri angeweza kuwa kaka yako. Ndiyo maana hatukuona haja ya kutafuta jina jingine la kuweka katika wimbo huu.

Wote:

Shangazi, Shangazi,
wetu sote, wetu sote,
umefika sitini,
twakupo, twakupo, twakupongeza.

Kengele, kengele,
ya Shangazi, ya Shangazi,
akifika sokoni,
apiga, apiga, apigapiga.

(Hapa watoto wenye baiskeli wagonge kengele zao. Nyingine zote zinyamaze mstari wa kwanza unapoanza tena, la sivyo mwimbishaji hatasikika.)

Mwimbishaji anasema:

Baiskeli hiyo nyeusi imekupeleka Soko la Mgandini kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi waliosimama hapa, na wauza samaki hukutambua kwa mlio wa kengele kabla hawajaiona kanga yako. Huipigi kwa sababu njia imezibwa. Unaipiga kuwasalimu watu, na salamu yako haimruki mtu, awe anauza changu au anachoma mihogo.

Wote:

Kwaheri, kwaheri,
mlangoni, mlangoni,
akianza kuaga,
achele, achele, achelewesha.

Majina, majina,
ya watoto, ya watoto,
akiita mmoja,
atucha, atucha, atuchanganya.

(Ubeti huu wa majina ukirudiwa, wajukuu wote wainue mikono kwa pamoja, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyofanya anapoita: anapitia majina ya watoto saba, na wakati mwingine jina la paka, kabla hajamfikia anayemtaka, na sote huwa tumekwisha kuitika «Abee!» na «Naam!» kabla hajamaliza.)

Habari, habari,
saa mbili, saa mbili,
zikianza kusomwa,
asinzi, asinzi, asinzilia.

Mwimbishaji anasema:

Shangazi, tunakiri mbele ya wageni kwamba hakuna aliyewahi kubadilisha chaneli wakati umelala usifumbue jicho moja na kusema, «Acheni hapo, ninaangalia.» Tena kesho yake asubuhi, wakati wa chai, wewe ndiye unayetueleza kilichosemwa kuhusu bei ya mafuta na mvua za vuli. Tumejadiliana mara nyingi jinsi unavyoyasikia hayo yote usingizini, na hatujapata jibu.

Wote:

Makopo, makopo,
ya siagi, ya siagi,
yakibaki matupu,
ayahi, ayahi, ayahifadhi.

(Wajukuu wawili wasimame na makopo waliyopewa, wayapige kama ngoma. Yamejazwa vifungo na nyuzi kama yalivyokutwa kabatini, na yarudishwe kabatini yakiwa na vitu vyake vyote.)

Chapati, chapati,
za jikoni, za jikoni,
tukilala usiku,
azihe, azihe, azihesabu.

Mwimbishaji anasema, polepole, na watu wakae kimya:

Ubeti huu wa chapati tuliuandika tukicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alikumbuka jambo lile lile. Mama yetu alipofariki mwaka 1998 tulikuwa watoto wanne, mkubwa akiwa na miaka 11 na mdogo hajafikisha miaka miwili, na baba alikuwa akifanya kazi mbali. Ulitujia na mkoba mmoja na baiskeli yako, ukasema umekuja kwa wiki mbili. Ulikuwa na miaka 33, ukiwa na maisha yako mwenyewe ya kuyapanga.

Siku za mwanzo tuliamini kwamba unahesabu chapati chini ya kawa ili umkamate aliyeiba. Mimi niliiba moja usiku wa Alhamisi, nikala nyuma ya kisima, na asubuhi nikasubiri adhabu ambayo haikuja. Usiku uliofuata kulikuwa na chapati moja zaidi, na uliofuata pia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba ulikuwa ukihesabu ili ujue nani analala na njaa na hasemi, na kwamba siku ambazo unga haukutosha, chapati iliyopungua katika hesabu ilikuwa ya kwako. Shangazi, hatukuwahi kulisema hili mbele yako. Leo tunalisema, na tumeliwekea sauti ili tusiweze kulisahau.

Wote, bila makofi mara ya kwanza. Makofi yaingie mara ya pili:

Asante, asante,
ya malezi, ya malezi,
tangu sisi wadogo,
twakushu, twakushu, twakushukuru.

Mafua, mafua,
ya kipupwe, ya kipupwe,
yakigonga mlango,
atufu, atufu, atufukiza.

Mwimbishaji anasema:

Nani hapa hajawahi kukaa chini ya shuka lako zito la buluu, mbele ya sufuria ya majani ya muarobaini na mchaichai, akiwa anatokwa na jasho huku wewe ukiwa umeshika pindo la shuka ili mvuke usitoke? Mkwe wetu aliyekuja kututembelea kwa mara ya kwanza alipiga chafya mara mbili mezani, na kabla hajamaliza kujieleza alikuwa tayari amefunikwa. Baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipojua kuwa amekubaliwa katika ukoo huu, nasi tunamwomba leo aimbe mstari wa tatu wa ubeti huo peke yake tutakaporudia.

Wote:

Shangazi, Shangazi,
wa huruma, wa huruma,
tukikosa wanao,
watusa, watusa, watusamehe.

(Angalieni kwamba katika ubeti huu tunazungumza naye na si juu yake, ndiyo maana neno ni «watusamehe». Kila mtu amtazame anapoliimba. Baba, ambaye ni kaka yake mkubwa, ameomba aimbe mstari wa kwanza wa ubeti huu badala ya mwimbishaji. Sauti yake imechoka, kwa hiyo wengine tusimfunike.)

Mwenyezi, Mwenyezi,
Mola wetu, Mola wetu,
azidishe umri,
twakuo, twakuo, twakuombea.

(Mzee wa msikiti aombe dua fupi hapa, na duara libaki limeshikana mikono. Baada ya «Amina», keki iletwe mezani ikiwa na mishumaa sita, kila mmoja kwa miaka kumi. Jirani zetu wa upande wa kisima wamejitolea kukinga upepo kwa kanga, kwani alasiri za Septemba upepo kutoka baharini huwa hauna subira.)

Mwimbishaji anasema:

Shangazi, zima mishumaa, kisha ukate keki na utulishe kwa zamu. Tunajua utaanza na mdogo kabisa na kwamba utajisahau mwenyewe mwishoni, kwa hiyo tumekwisha kutenga kipande chako chini ya kawa, na safari hii sisi ndio tuliohesabu.

Wote, kwa makofi, kengele na makopo kwa pamoja, mpaka kila mtu awe amelishwa:

Shangazi, Shangazi,
kata keki, kata keki,
tunangoja kulishwa,
twashangi, twashangi, twashangilia!

Shangazi, Shangazi,
wetu sote, wetu sote,
umefika sitini,
twakupo, twakupo, twakupongeza!

(Akisimama kuwaaga wageni, rudini kwenye ubeti wa «Kwaheri», na mwendelee kuuimba kwa muda wote atakaokuwa amesimama mlangoni.)