Mchoro wa Nyuma ya Ghala

Kila lori lililoshusha mzigo liliacha nakala tatu za hati, na ya tatu, ile iliyofifia mpaka namba hazisomeki, haikuwa na mwenyewe. Makarani waliitupa kwenye boksi kando ya mlango wa ofisi. Sefu aliomba aruhusiwe kuzichukua akakubaliwa papo hapo. Nani atamuuliza mlinzi wa usiku karatasi za kutupwa anazipeleka wapi?

Upande wa nyuma wa hati hizo ulikuwa mweupe, na saa saba ya usiku mpaka saa kumi hakuna gari linaloingia wala kutoka. Hizo ndizo saa zinazomvunja mlinzi. Kuna wanaopambana na usingizi kwa redio ndogo, kuna wanaopambana nao kwa simu, na kuna wasiopambana kabisa. Sefu alichora.

Alichokuwa anakichora ni kilima cha paleti mbovu, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, kilichokuwa nyuma ya ghala, kwenye njia yake ya doria. Ujanani alipata kumsaidia seremala, kabla karakana haijafungwa na kila mtu kushika njia yake, na jicho la useremala likishaingia halitoki. Usiku mmoja alisimama akamulika tochi paleti iliyokuwa juu. Ilikuwa nzima, ila ubao mmoja tu, ule wa ukingoni, umepasuka katikati. Akamulika iliyofuata. Ukingoni tena. Ya tatu, vilevile.

Sababu aliijua, kwa kuwa zamu yake ilianza kabla ghala halijafungwa na alikuwa akiwaona madereva wa folklifti wakikimbizana na saa. Dereva akiwa na haraka huingiza meno kabla hajayashusha sawasawa, na ncha zinakwenda kugonga ubao wa kwanza. Mbao za katikati hazigongwi na mtu. Lakini paleti ikipoteza ubao mmoja inasukumwa nyuma, inanyeshewa, mwisho inachomwa moto, na ofisi inaagiza nyingine mpya.

Akakaa kibandani akachora paleti kama inavyoonekana kwa juu: mbao saba, na mihimili mitatu chini yake. Ubao wa kwanza na wa saba akavitia wino mzito. Pembeni akaandika: “Ugonjwa uko hapa.”

Usiku uliofuata alihesabu. Paleti alizoweza kuzikagua bila kugusa kitu zilikuwa 40. Kati ya hizo, 26 zilitaka ubao mmoja au miwili, 9 zilikuwa na mhimili uliovunjika, na 5 zilikuwa kuni. Zile 26 kwa jumla zilihitaji mbao 38. Zile 5 za kuni zingetoa mbao nzima 18 tu, kwa hiyo angelazimika kununua mbao 20, na hapo biashara ingefia kwa muuza mbao. Alilitazama pengo hilo siku mbili tatu. Ndipo akaona kwamba zile 9 za mhimili hakuna haja ya kuzitengeneza. Kila moja ilikuwa na mbao nzima zisizopungua tano. Ukizifumua zote unapata 45. Pengo likazibika na mbao zikabaki. Paleti 26 zinarudi kazini, 14 zinachangia viungo, na kitu cha kununua ni misumari.

Hata hivyo hakuokota hata kipande. Mlinzi anayeonekana na ubao mkononi saa tisa ya usiku ameshahukumiwa kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo kazi yote ilibaki kwenye karatasi, isipokuwa jaribio alilolifanya nyumbani kwa paleti kuukuu mbili alizozinunua kwa muuza kuni. Hilo lilimfundisha jambo ambalo karatasi isingemfundisha. Misumari ya paleti ina mizunguko shingoni, imetengenezwa ili isitoke. Ukiing'oa kwa mtaimbo inatoka na nyama ya ubao, na mbao mbili kati ya saba zilimpasukia. Ukipitisha msumeno wa chuma katikati ya ubao na mhimili ukaikata, ubao unaanguka mzima na kichwa cha msumari kinabaki ndani yake bila madhara. Mtaimbo ulimla dakika 35, msumeno dakika 20. Ikaandikwa hiyo pia, nyuma ya hati ya katoni za sabuni.

Karatasi zikawa nyingi. Moja ilikuwa ya vifaa, nyingine ya muda, nyingine ya mihuri. Paleti inayosafiri nchi kwa nchi huwa imepigwa muhuri ubavuni, na herufi ndizo zinazokuambia ilivyotibiwa dhidi ya wadudu: HT ni ya joto, mbao zimepashwa mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, MB ni ya gesi ya sumu, methili bromaidi. Sefu aliamua za MB hatazigusa, hata zikiwa nzima.

Bei alikuwa bado hajaiweka. Alichoandika ni kwamba paleti iliyotengenezwa isizidi nusu ya bei ya mpya, na kwamba malipo yawe kwa kila paleti inayopita ukaguzi, si kwa siku.

Kisha asubuhi moja alikabidhi lindo akiwa amechoka, na karatasi moja ikabaki ndani ya daftari la matukio.

Karatasi yenyewe ilikuwa mbaya kuliko zote. Ilikuwa ramani ya uwanja wa nyuma yenye geti dogo, na mshale kutoka kwenye kilima mpaka getini. Chini yake: “Saa 8–10 hakuna mtu. Chukua 9 + 5. Zipo 40. Mkokoteni?”

Msimamizi wa walinzi aliisoma mara moja tu. Saa nne Sefu alikuwa amesimama mbele ya meza ya meneja wa ghala, usingizi machoni, karatasi yake imelazwa katikati ya meza.

“Eleza,” alisema msimamizi. “Hii ni nini kama si mpango wa wizi?”

“Ni hesabu, afande.”

“Hesabu ya kuiba.”

“Mtu anayetaka kuiba, afande, hawezi kuiweka hesabu yake kwenye daftari unalolisoma wewe kila asubuhi.”

Meneja, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alinyanyua mkono. “Saa nane mpaka saa kumi hakuna mtu. Kwa nini umeandika hivyo?”

“Ndio muda wangu wa kuzihesabu, mama. Lori likiwepo nahitajika getini.”

Akaomba ruhusa akatoa furushi zima kwenye mfuko wa koti. Meneja alianza kuzipitia moja moja, na kwa muda hakuna aliyezungumza. Kwenye ile yenye 26, 9 na 5 alikaa zaidi. Akachukua kalamu, akajumlisha mwenyewe pembeni, akairudisha.

“Nusu ya mzigo wangu unakwenda nje,” alisema hatimaye. “Ukiweka ubao ambao haujatibiwa kwenye paleti yenye muhuri, muhuri ule si kitu tena. Bandarini nitarudishiwa kontena zima.”

“Zangu hazitoki, mama. Ni za humu ndani, za kupangia chini. Nazipaka mstari wa rangi ubavuni ili zisichanganyike na nyingine.”

“Ikivunjika ikiwa na mzigo juu?”

“Mstari utasema ni yangu. Nailipa kwa kutengeneza mbili bure. Na kwenye shelfu za juu isipande kwanza, mpaka muone zinavyobeba chini.”

Msimamizi alikohoa. Sefu alimjua kwa ukali, ila swali alilolileta safari hii lilikuwa la haki kabisa, na ndilo ambalo karatasi zote hazikuwa zimeligusa. “Mama, huyu tunamlipa alinde mali ya ghala. Sasa paleti zikivunjika yeye ndiye anafaidika. Mlinzi wa namna hiyo atalinda nini?”

Sefu alinyamaza. Halafu akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyokuwa chini kabisa ya furushi. “Geuza hiyo, mama.”

Nyuma ya karatasi palikuwa na mchoro wa folklifti likiikabili paleti, na mstari umechorwa sakafuni mbele yake. Dereva akifika kwenye mstari anasimama, anashusha meno mpaka usawa wa tundu, ndipo anasonga. Chini ameandika: “Rangi ya sakafu. Gharama ndogo. Itapunguza ubao wa kwanza kuvunjika.”

Meneja alitazama mchoro, kisha akamtazama mchoraji. “Hii inakuua biashara.”

“Inaipunguza tu, mama. Mstari utapakwa, lakini haraka ya madereva haitapakwa.”

Kwa mara ya kwanza msimamizi alitabasamu, ingawa aliugeuza uso upesi. Alishikilia neno lake, na mimi naona alikuwa sahihi kulishikilia: Sefu ahamishiwe lindo la mbele, na kilima cha nyuma kihesabiwe na mtu mwingine, kila Jumamosi, kwa maandishi. Meneja akakubali. Akamwandikia Sefu kibali cha kuchukua paleti 10 za majaribio, azirudishe ndani ya wiki mbili. Alipouliza kazi ya usiku na ya mchana zitakaaje kwenye mwili mmoja, Sefu alisema ana siku yake ya mapumziko. Jibu hilo halikumridhisha hata yeye aliyelitoa, na jioni ile aliongeza karatasi nyingine yenye kichwa “Usingizi”, akaandika chini yake saa zake zote za juma, akakuta kwamba majaribio yakifaulu itabidi atafute kijana wa kumsaidia au aache rungu.

Siku ya mapumziko ilipofika alikuja na mkokoteni na kijana wa kuusukuma. Getini alikuwepo Mashaka, mlinzi wa mchana, ambaye Sefu mwenyewe alimfundisha kazi.

Mashaka alikisoma kibali mbele, akakisoma nyuma, akauzunguka mkokoteni akihesabu kwa kidole.

“Kaka, hapa zipo kumi na moja.”

“Haiwezekani.”

“Hesabu.”

Sefu alihesabu. Kijana wa mkokoteni akajitetea kwamba ile ya juu aliiona inafaa, akadhani moja haina neno.

“Ina neno,” walijibu walinzi wote wawili kwa pamoja.

Paleti ilishushwa, ikarudishwa kilimani, na Mashaka akasubiri mpaka aliyekuwa ameipeleka arudi. Kisha akafungua begi la vifaa, akaandika daftarini msumeno mmoja, nyundo moja, na pakiti ya misumari ambayo imefunguliwa, akamgeuzia Sefu daftari atie sahihi.

“Na misumari unaiandika?” Sefu aliuliza.

“Ikirudi imepungua nitajua umefanya kazi,” alisema Mashaka, akaenda kuinua kizuizi.