Barua ya Mdhamini Kuomba Kuondolewa Dhamana ya Mkopo

Elisante Mushi,
Mtaa wa Majengo,
MOSHI.

14 Oktoba 2024

Meneja wa Mikopo,
Tawi la Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA DHAMANA YA MKOPO WA NDUGU GODLISTEN, MFANYABIASHARA WA SOKO LA KIBORILONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na notisi yenu ya siku 14 ambayo dalali alimkabidhi mke wangu nyumbani Jumatano iliyopita. Notisi inanidai Sh. 9,640,000, la sivyo kiwanja changu kitapigwa mnada.

Machi 2023 nilimdhamini Godlisten kwa mkopo wa Sh. 8,000,000, wa miezi 18. Fomu niliyosaini inataja kiasi hicho na muda huo tu. Nilikubali pia kwa sababu aliweka kadi ya gari lake aina ya Noah, ambalo mthamini wenu alilikadiria kwa Sh. 6,500,000. Hati yangu iliwekwa kama dhamana ya nyongeza.

Taarifa ya mkopo niliyochapishiwa ofisini kwenu inaonyesha kwamba tarehe 6 Februari 2024 deni lilikuwa limebaki Sh. 2,150,000. Siku hiyohiyo mlimpa mkopo mpya wa Sh. 9,000,000, mkakata salio hilo, na mstari wa mkopo wa kwanza ukasomeka sifuri. Mkopo niliodhamini mimi uliishia hapo. Huo wa pili sikuitwa, sikuelezwa, na hakuna karatasi yake yenye saini yangu. Kama ipo, naomba nionyeshwe.

Kilichoniumiza zaidi ni gari. Mwezi uliofuata Godlisten alirudishiwa kadi, akaliuza Noah huko Arusha, na marejesho yakakoma. Mali ya mkopaji mliiachia wenyewe, kisha mmekuja kwenye paa wanaloishi wanangu. Hilo si haki, Ndugu Meneja.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamlinda mdhamini pale masharti ya mkopo yanapobadilishwa bila ridhaa yake, na pale mkopeshaji anapoiachia dhamana ya mkopaji bila mdhamini kukubali. Kwangu yametokea yote mawili.

Kwa hiyo naomba mnipe barua ya kuniondoa kwenye dhamana, mnirudishie hati ya kiwanja, na mumwandikie dalali asitishe mnada kabla notisi haijaisha. Jambo la dalali ndilo la haraka kuliko yote.

Godlisten simkimbii wala simfichi. Bado anauza mahindi Kiboriloni, na nipo tayari kuja naye ofisini mpange upya marejesho yake. Lakini nitakuja kama jirani yake, si kama mdaiwa.

Naambatanisha nakala za fomu ya udhamini, taarifa ya mkopo na notisi. Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa, tarehe 18 Oktoba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Elisante Mushi
Mdhamini

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Majengo