Utambulisho: Mama Zaituni (dagaa, Kibirizi) na Bwana Edward (vyakula vya shule, Tabora)

Mama Zaituni, shikamoo. Bwana Edward, habari za kazi.

Kila mmoja wenu nimeshaongea naye pembeni na wote mmeridhia niwakutanishe, kwa hiyo sizunguki.

Bwana Edward, Mama Zaituni ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaokausha dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Hawaaniki mchangani. Wanaanika juu ya vichanja vya nyavu, na wingu likitanda wanafunika kwa turubai. Majuzi nilichota konzi moja kwenye gunia lililokwisha kufungwa, nikaloweka kwenye bakuli jeupe: hata chembe ya mchanga haikubaki chini. Hapo hapo nikakumbuka malalamiko ya wapishi wako. Vitabu vya kikundi navipitia mimi, na kila kilo inayoingia na kutoka imeandikwa.

Mama, Bwana Edward anapeleka vyakula kwenye shule tatu za bweni, mbili Tabora Mjini na moja Uyui. Shule zikiwa wazi anahitaji kama kilo 150 kwa mwezi. Analipa kwa benki, wiki mbili baada ya kupokea mzigo. Hilo la wiki mbili mliongee mapema, maana mvuvi anataka chake ufukweni asubuhi ile ile.

Kabla ya bei, zungumzeni ratiba. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hulala. Bwana Edward, usiwasubiri kila Ijumaa kama unavyosubiri unga. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na muhula wa pili wa shule ulianza ziwa likiwa bado limefungwa. Kwa maoni yangu, biashara hii itasimama au kuanguka kwenye mzigo wa akiba: nani anauweka, na kwa fedha ya nani.

Kwa kuanzia, Mama atume kilo mbili za sampuli kwa basi Jumatano hii. Bwana Edward amekubali kulipia kifurushi. Wapishi wapike, waonje, kisha Bwana Edward ampigie Mama kabla ya Jumatatu ijayo kusema ndiyo au hapana. Mpigie baada ya saa kumi jioni, asubuhi yuko kwenye vichanja na simu hubaki nyumbani. Namba zenu nimemtumia kila mmoja kwa ujumbe.

Bei siingilii, na sina kamisheni hapo. Kuanzia sasa jibizaneni wenyewe, mimi mnitoe kwenye mazungumzo. Mkielewana, Mama uniambie tuandae pamoja ankara ya kwanza.

Wenu,
Rehema
Mhasibu wa vikundi, Kigoma