Usituamini hivi hivi, tukague kwanza

Mdau uliyeko Uingereza, tunajua unachowaza. Kuna yule jamaa wa kwenye grupu la Wasapu, anakusanya pauni za watu anasema jioni hii hii wazee Tanga wanapokea shilingi, mara simu haipatikani na mama anakuuliza mbona kimya.

Sasa sisi ni apu ya kutuma hela kutoka Uingereza kwenda Tanzania, tuanze na usajili. Namba yetu iko chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa apu, ichukue kaitafute kwenye rejista ya FCA, wasimamizi wa kampuni za fedha Uingereza, ni bure, utaona jina letu na tumeruhusiwa kufanya nini. Ila rejista ingia mwenyewe, usibonyeze linki uliyotumiwa, hata kama imetumwa kwa jina letu.

Hela yako je? Sheria inatubana tuitenge na hela ya kampuni, hatulipii pango wala mishahara. Na kuna kitu wengi wanakiruka: ile fidia ya FSCS ya akiba za watu benki ikifilisika haihusu hela iliyo kwetu. Ndo maana hatutaki ilale huku, ikiingia inatoka.

Ada ni pauni 1.99, unaiona kabla hujatuma. Lakini pa kukazia macho ni reti, maana "bila ada" nyingi zimejificha humo. Reti ikiwa chini kwa shilingi 100 tu kila pauni, kwenye pauni 300 nyumbani wamepungukiwa 30,000, na hapo bado wakala hajakata yake ya kutolea. Yetu linganisha na ya Gugo muda huo huo, utakuta iko chini kidogo, hapo ndo tunapopatia riziki, na tofauti tunakuandikia kwa shilingi kabla hujabonyeza. Ukitaka kuongeza ya kutolea, weka tiki, tunajumlisha.

Halafu wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiweka namba ya M-Pesa au Airtel Money tunakuonyesha jina lililosajiliwa. Ulitegemea Mwanaidi limekuja Joseph? Usitume, mpigie Mwanaidi kwanza, kwa sauti siyo meseji.

Pasipoti na selfi tunaomba sababu ya sheria ya utakatishaji fedha, kampuni halali lazima imjue mteja wake. Namba ya siri ya mama hatuiombi, anayeiomba ni mwizi.

Likitokea tatizo andika malalamiko kwa Kiswahili tu, kwa kawaida tunatakiwa tukupe jibu kamili ndani ya siku 15 za kazi. Usiporidhika nenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi huru wa malalamiko ya fedha, hulipi kitu.

Mara ya kwanza tuma pauni 10 kwa mdogo wako, akuambie imeingia shilingi ngapi, ulinganishe na risiti yako. Ada ya shule ya watoto itafuata ukishajiridhisha. Ukikwama piga, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 4 usiku za Uingereza anapokea mtu, tena wa kwetu.